Mishale Miwili ya Kloroplasti

Nimefundisha biolojia hapa Uvira kwa miaka kumi na minne. Kwa kumi na miwili kati ya hiyo nilifundisha kosa, tena nililifundisha vizuri, kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Kosa lenyewe lilikuwa kwenye mchoro mmoja.

Kila mwaka, mvua za kwanza zikianza kupiga mabati, nilichora kloroplasti kubwa ubaoni mbele ya darasa la mwaka wa tano. Ilikuwa na umbo la haragwe. Kwa nje niliweka tando mbili, moja juu ya nyingine, na ndani nikaacha nafasi pana ya ute tunaoita stroma. Ndani ya ute huo nilichora vifuko bapa, tilakoidi, vimepangwa juu kwa juu kama sahani za aluminiamu mama akimaliza kuosha vyombo. Rundo moja la sahani hizo ni granumu. Yakiwa mengi ni grana. Kisha nilivuta mishale miwili. Wa kwanza ulitoka kwenye maneno "hatua ya mwanga" na kuishia katika stroma. Wa pili ulitoka kwenye maneno "mzunguko wa Calvin", yaani pale gesi ya kaboni inapogeuzwa sukari, na kuishia ndani ya grana.

Mishale hiyo ilikuwa imebadilishana mahali. Lakini mimi nilikuwa na sababu zangu, na ziliwaridhisha watoto. Niliwaambia kwamba stroma ni pana, mwanga unaingia bila kizuizi; grana zimebanana, ndani yake ni kama chumba kisicho na dirisha, ndiyo maana vitabu vya zamani viliita kazi ya kutengeneza sukari "hatua ya giza". Niliongeza hata kwamba hatua hiyo hufanyika usiku. Hakuna aliyeniuliza nimeyatoa wapi. Yalikuwa katika daftari langu la shule, nililoandika nikiwa na miaka kumi na saba, katika darasa la mwalimu niliyempenda kuliko walimu wote.

Lazima niseme jambo lingine, si kwa kujitetea. Nilikuwa mwanamke pekee aliyefundisha sayansi katika shule yetu. Nilipopewa masomo hayo, mwenzangu mmoja wa hesabu alisema mbele yangu kwamba wanafunzi sasa watajifunza kupika. Tangu siku hiyo nilijiapiza kwamba hakuna atakayeniona nikisitasita ubaoni. Sikusitasita.

Mwanafunzi ninayetaka kumwelezea alitoka Katogota, kule juu kwenye uwanda wa Ruzizi. Baba yake alikuwa amekufa. Mama yake alilima mpunga na mihogo, naye msichana alikaa mjini kwa mjomba wake, jirani na soko, ili asome. Alikuwa mkimya, mrefu, mwenye mwandiko mdogo uliobanana. Aliketi upande wa madirisha yasiyo na vioo, na upepo wa ziwa ukivuma alishika karatasi zake kwa kiwiko.

Katika interogasio, jaribio dogo la mwezi wa pili, niliwapa mchoro bila majina, waandike kila hatua inafanyika wapi. Yeye aliandika kinyume cha kila mtu: mwanga kwenye tando za tilakoidi, sukari katika stroma. Nilimpa sifuri ya swali lile kwa wino mwekundu. Niliporudisha karatasi, aliinua mkono.

"Madamu, minye sijaelewa kosa yangu iko wapi."

"Umegeuza," nilimwambia. "Fungua daftari lako, utaona."

Hakufungua daftari. Alisimama. "Madamu, weye mwenyewe ulitufundisha kama klorofili iko mu utando ya tilakoidi. Ile kijani yote iko pale. Sasa kama kinachokamata mwanga iko mu utando, mwanga itafanya kazi namna gani kule mu ute, kwenye haina klorofili?"

Nakumbuka nilisikia honi ya lori kwenye barabara ya chini.

"Na tena," akaendelea, kwa upole kabisa, "mu ile picha ya kitabu, punje za wanga ziko mu stroma. Kama sukari inatengenezwa ndani ya grana, mbona wanga haionekane mule?"

Sasa najua kwamba ilikuwa hoja bora kuliko zote nilizowahi kusikia katika darasa langu. Siku ile nilisikia jambo moja tu: mtoto ananivua nguo mbele ya watu. Nyuma mtu alicheka, sijui alicheka nini.

"Umekuja kusoma ao kufundisha?" nikamuuliza.

"Kusoma, Madamu."

"Basi toka nje mpaka ukumbuke."

Alitoka. Alisimama chini ya ukingo wa bati mpaka kipindi kikaisha, na mvua ya manyunyu ikimlowesha bega moja. Jioni nilimwandika katika kitabu cha nidhamu: ana kiburi, anabishana na mwalimu. Baada ya hapo hakuinua mkono tena. Katika mtihani wa mwezi wa sita swali la kloroplasti lilirudi, naye akajibu kama nilivyofundisha, mwanga katika stroma, sukari ndani ya grana. Nilimpa alama zote. Nakiri kwamba nilifurahi. Niliona nimemnyoosha.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba tulikaa walimu wote na prefe, mkuu wa shule, kupitisha matokeo. Msichana yule alikosa alama chache katika fizikia. Kwetu, mwanafunzi wa namna hiyo akiwa na mwalimu wa kumwombea, baraza humwongezea kidogo akapita. Prefe akasoma jina lake, akauliza, "Nani anamusemea huyu?" Mwalimu wa fizikia akasema yeye hana neno, labda Madamu wa biolojia, kwa sababu mtoto ni mzuri katika sayansi ya viumbe.

Wote wakanitazama. Nikasema, "Mwenye kiburi akibebwa, mwaka ujao atatubeba sisi." Wakacheka, prefe akaenda kwenye jina linalofuata. Haikuchukua muda wa kumeza mate.

Mwezi wa kumi, walimu wa biolojia wa mjini tuliitwa kwenye siku ya kujifunza pamoja, katika ukumbi wa shule nyingine karibu na ziwa. Nje wanawake walikuwa wameanika ndagala, dagaa wa ziwani, harufu ikaingia mpaka mbele. Mwalimu mmoja kijana, bado mwembamba kama mwanafunzi, alipewa somo la kloroplasti. Alibandika karatasi kubwa ukutani. Nilipoona mishale yake, nikasimama kabla hajamaliza sentensi ya kwanza.

"Samahani," nikasema. "Umegeuza mishale."

Alitazama karatasi yake, akanitazama mimi. "Mishale gani, Madamu?"

"Yote miwili. Hatua ya mwanga iko katika stroma."

Nilingoja wenzangu waniunge mkono. Mtu akakohoa. Mkaguzi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akasema bila kuinua sauti: "Madamu, keti. Kijana, endelea, lakini ueleze polepole."

Kijana alieleza polepole, na nadhani alifanya hivyo kwa huruma. Alisema klorofili imekaa ndani ya utando wa tilakoidi pamoja na vipokezi vingine, kwa hiyo mwanga unakamatwa palepale. Nguvu yake inapasua maji. Oksijeni inatoka, elektroni zinasafiri ndani ya utando, na protoni zinarundikana katika nafasi ndogo iliyo ndani ya kifuko. Zikizidi, zinatafuta njia ya kutoka, na njia iliyopo ni kupitia kimeng'enya kilichochomekwa kwenye utando. Zikipita hapo kuelekea stroma, ATP inatengenezwa. Upande huohuo wa stroma inatengenezwa pia NADPH. Hizo mbili ndizo nguvu na elektroni zinazongojewa na mzunguko wa Calvin, ambao vimeng'enya vyake viko katika stroma, vikishika gesi ya kaboni na kuijenga kuwa sukari ndogo ya kaboni tatu.

"Na wengine wanafundisha kama hii ya pili inafanyika usiku," akasema. "Hapana. Haitumii mwanga moja kwa moja, ni kweli, lakini usiku ATP na NADPH hazitengenezwi, basi na yenyewe inasimama. Inafanyika mchana."

Nilitazama magoti yangu. Kila neno alilosema lilikuwa jibu la msichana yule, limeongezwa urefu tu. Aibu ya kusahihishwa mbele ya watu ilinichoma kama robo saa hivi. Halafu nikamwona tena chini ya bati, bega moja limelowa, na aibu ile ya kwanza ikawa kitu kidogo sana.

Njiani kurudi nilitafuta mtu wa kumlaumu, nikampata mwalimu wangu wa zamani. Alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma. Nilijiambia: mzee alinipotosha, mimi nilibeba tu. Kesho yake baada ya kazi nilipanda mpaka nyumba yake, upande wa mlimani, kumwomba mjane wake anionyeshe daftari alilofundishia. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka kushika ushahidi mkononi.

Mjane alinikaribisha kwenye kiti cha plastiki, akaingia chumbani, akarudi na sanduku la bati. "Vitu vyake vyote viko humu," alisema. "Weye ulikuwa unamupenda, najua. Tafuta."

Daftari lilikuwa la tatu kutoka juu. Karatasi zilikuwa zimeshikana kwa unyevu, nikazifungua kwa ukucha. Kloroplasti yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, imechorwa kwa rula na kalamu mbili. Mshale wa mwanga uliishia kwenye utando wa tilakoidi. Mshale wa Calvin uliishia katika stroma. Pembeni aliandika kwa Kifaransa, na kupigia mstari, kwamba wanafunzi hupenda kugeuza.

Nilikaa na daftari lile mapajani. Mjane akauliza kama nimeona nilichotafuta, nikasema ndiyo. Nilikumbuka darasa letu la wakati ule, sisi sabini, watatu kwenye dawati la watu wawili, na mimi nyuma kabisa, nikinakili kwa kuchungulia kati ya vichwa. Mishale ilipishana ubaoni. Mimi nikaifuata kwa macho ya mbali, nikakosea. Zile sababu zote za chumba kisicho na dirisha nilizitunga mwenyewe baadaye, ili kosa langu lieleweke. Mzee hakunipotosha. Nilikuwa nimemsingizia maiti kwa siku nzima.

Asubuhi nilikwenda kwa prefe. Alinisikiliza huku akipanga mihuri yake.

"Sahihisha kimyakimya," alisema. "Mwaka huu fundisha ile ya kweli, basi. Kwa nini utangaze?"

"Wa mwaka wa sita nimeshawafundisha. Wanakwenda kwenye mtihani wa taifa, Egzetat, na kosa langu."

"Wape karatasi mpya. Sema ni programu imebadilika."

"Na yule msichana wa Katogota?"

Hapo aliacha mihuri. "Matokeo yalishatumwa juu. Hayarudi. Madamu, sikiliza, mwalimu akikubali kosa mbele ya wanafunzi, kesho watabishana hata na tarehe."

Niliingia mwaka wa sita, nikachora, nikaweka mishale mahali pake, nikageuka. Nikasema, "Mwaka jana niliwafundisha uongo. Sikujua. Mwenzenu mmoja alijua, nikamtoa nje." Nikaeleza yote, tangu maji yanapopasuliwa mpaka sukari. Hakuna aliyecheka. Walifuta na kuandika upya, na sauti ya raba kwenye karatasi ikajaza chumba. Kisha msichana mmoja wa mbele akauliza, "Madamu, na yeye iko wapi sasa?"

Sikujua. Ndivyo nilivyogundua kwamba sikuwahi hata kuuliza.

Mjomba wake pale sokoni aliniambia kwa mlango nusu wazi. Alimpokea mtoto wa kusoma, si wa kurudia darasa. Matokeo yalipotoka alimrudisha kwa mama yake. Jumamosi nilipanda pikipiki. Tulipita Sange na Luvungi, tukasimama kwenye bariere zote za ukaguzi zilizokuwepo siku hiyo, na mvua ikatukuta tukiwa hatujafika. Nilifika Katogota nimejaa matope mpaka magotini, nikaelekezwa mashambani.

Mama yake alikuwa akipalilia. Nilimwamkia, "Mwaramutse, mama," akaitikia kwa upole, kwa sababu hakunijua. Nilipojitaja, aliweka jembe chini.

"Ni weye?"

"Ni mimi."

"Mutoto alirudi hapa akasema, mama, minye iko mujinga, nilifikiri najua kumbe sijue. Wiki mbili hakukula vizuri. Sasa umekuja kufanya nini?"

Niliwahi kusimama mbele ya wakaguzi, mbele ya wazazi wenye hasira, hata mbele ya watu wenye bunduki. Lakini hakuna aliyenitazama kama mama yule pale kati ya mihogo, macho kwenye viatu vyangu. Nikasema tu kwamba mtoto wake alikuwa na haki na mimi nilikosa. Mama alimwita kwa sauti, na msichana akatoka upande wa mpunga, nguo imepandishwa, miguu ya udongo.

Nilitoa karatasi niliyokuwa nimeichora, nikamwonyesha mishale. Aliitazama muda mrefu, bila kuishika, kwa sababu mikono yake ilikuwa michafu.

"Kwa hiyo ilikuwa vile," alisema.

"Ilikuwa vile ulivyosema wewe."

"Mwezi wa sita niliandika jibu yako, Madamu. Nilijua ni bongo, haiko kweli. Niliandika ili unipitishe. Kufeli nilishazoea mu roho. Ile ya kuandika bongo ndiyo iliniumiza."

Nilimwambia nataka arudi. Nilisema siwezi kumrudishia mwaka, kwamba ataanza tena wa tano, lakini atakaa nyumbani kwangu na mjomba hatahitajika. Mama akacheka kicheko kikavu. "Kwako? Weye uliyemufukuza?" Nikasema ndiyo, kwangu. Akainua jembe lake, akaniambia nirudi mjini kabla mvua haijaanza tena. Niliondoka bila jibu.

Alikuja wiki tatu baadaye, na begi moja na mfuko wa mihogo uliotumwa na mama yake. Prefe alinung'unika kuhusu kuingia katikati ya muhula, kisha akaandika jina lake. Msichana alikaa kwangu mwaka huo na uliofuata. Alipika, alifagia bila kuambiwa, alinisalimu kila asubuhi kwa heshima ya mgeni. Darasani aliketi upande uleule wa madirisha. Siku niliyofundisha kloroplasti niliuliza kwa nini wanga huonekana katika stroma, nikamtazama yeye. Aliinamisha macho kwenye daftari lake. Nilingoja. Mwanafunzi mwingine akajibu, nusu sahihi, nikamalizia mwenyewe.

Mambo kama hayo niliyatazamia yaishe baada ya mwezi mmoja au miwili. Hayakuisha. Katika karatasi zake alikuwa wa kwanza karibu kila mara; kwa mdomo hakunipa hata swali moja. Nilijaribu kumtega kwa kukosea makusudi, nikaandika kwamba oksijeni inatoka kwenye gesi ya kaboni badala ya maji. Darasa zima lilinakili. Yeye aliandika "maji" katika daftari lake, nililiona baadaye wakati wa kusahihisha, na hakusema kitu. Kesho yake nilifuta ubao, nikaandika "maji", na sikurudia mchezo huo.

Alipita Egzetat yake. Wiki aliyojiandaa kwenda Bukavu kuanza masomo ya kilimo, tulikuwa jikoni tukichambua mboga za lengalenga. Nikamuuliza kile nilichokuwa nimekihifadhi kwa miaka miwili, kama amenisamehe.

Aliendelea kuchuma majani kwenye mashina. "Madamu," alisema, "ulinirudisha, minye nashukuru sana. Lakini mu darasa, hata leo, mwalimu akiuliza kitu, mwili yangu inashituka kabla sijafikiri. Sijue ile itatoka lini. Ikitoka, nitakuambia."

Nikasema sawa. Tukamaliza mboga.

Huniandikia kwa simu mara chache, habari za afya, habari za mama yake, mvua ikiharibu barabara. Mwezi uliopita aliandika kwamba wako kwenye somo la mimea na profesa wao alikosea jambo fulani ubaoni. Nilimuuliza kama alisema. Aliona ujumbe wangu mchana ule ule. Bado hajajibu.